Usimeze Dawa ya Thairoidi Pamoja na Kalsiamu au Madini ya Chuma

Mtu ambaye tezi yake ya thairoidi, iliyoko mbele ya shingo, haitengenezi homoni ya kutosha huandikiwa levothairoksini ili kufidia upungufu huo. Kidonge hiki humezwa kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa.

Kalsiamu na madini ya chuma hushikamana na dawa hii ndani ya tumbo na utumbo, na sehemu yake hutoka na kinyesi bila kuingia katika damu. Kwa hiyo, virutubisho hivyo vitenganishwe na levothairoksini kwa muda usiopungua saa nne. Soma pia lebo ya vidonge vya mchanganyiko wa vitamini, kwa kuwa vingi vina madini hayo.

Tuchukue mfano wa mama mwenye umri wa miaka 52 anayetumia mikrogramu 100 kila siku. Kipimo chake cha TSH kilikuwa 2, ambacho ni cha kawaida. Kisha akaanza kumeza kalsiamu kwa ajili ya mifupa, pamoja na dawa yake ya asubuhi. Baada ya miezi mitatu, uchovu na kuhisi baridi vilirejea, na TSH ikapanda hadi 9. TSH hupanda pale homoni ya thairoidi inapopungua mwilini.

Dozi ikiongezwa bila kuuliza juu ya kalsiamu, tatizo litakuwa limefichwa tu. Siku atakapoacha kalsiamu, dozi yote kubwa itafyonzwa, na moyo waweza kwenda mbio. Lililo sahihi ni kurekebisha ratiba: levothairoksini saa 12 asubuhi, kifungua kinywa saa 1, na kalsiamu saa 7 mchana pamoja na chakula. TSH ipimwe tena baada ya wiki 6 hadi 8.

Bayotini, inayouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, ina athari ya namna nyingine. Haizuii dawa kufyonzwa, bali huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara. Majibu yaweza kuonyesha TSH ya chini na homoni nyingi kuliko ilivyo kweli, na mgonjwa akapunguziwa dawa anayoihitaji. Mweleze daktari kuwa unaitumia, na uisitishe angalau siku mbili kabla ya kutoa damu. Dozi kubwa huhitaji muda mrefu zaidi.

Mjamzito anayepewa vidonge vya madini ya chuma kliniki asiache dawa yoyote kati ya hizo mbili, kwa kuwa mtoto anazihitaji zote. Ameze levothairoksini alfajiri, na vidonge vya chuma mchana au jioni. Mtumiaji yeyote asibadili dozi mwenyewe. Amwone daktari au mfamasia akiwa na virutubisho vyake vyote mkononi.