Video ya mihogo haipigwi kwa siku moja

Mpiga video anayefika Dilolo mwezi wa Juni hukuta barabara kavu, mwanga mzuri na watu wenye nafasi ya kuongea. Ubaya ni kwamba wakati huo mihogo haina la kuonyesha. Majani mengi yamedondoka, mashina yako uchi, na maneno "chagua mmea usio na ugonjwa" yatasikika juu ya picha ya vijiti vinavyofanana vyote. Mama anayeitazama video hiyo kule Kasaji ataitikia kwa kichwa, kisha atakata mbegu palepale alipozoea kukata.

Ugonjwa unaosemwa ni batobato, ambao wengi hapa wanauita mozaiki. Jani linatoka na mabaka ya kijani kibichi na manjano, linajikunja na kuwa dogo. Virusi vyake vinapita njia mbili: vinabebwa na nzi weupe wanaokaa chini ya majani, au vinaingia shambani ndani ya pingili, kile kijiti anachopanda mkulima mwenyewe. Hii ya pili ndiyo mkulima anayoweza kuizuia kwa mikono yake, lakini uamuzi wake unafanyika wakati majani yangali juu ya mti. Kwa hiyo mpiga video anapaswa kuja kwanza mwezi wa Februari au Machi, hata kama kuna matope.

Safari hiyo ya kwanza inahitaji kitendo kimoja tu mbele ya kamera. Mkulima anatembea katikati ya mihogo, anasimama mbele ya mti mmoja, anaukagua kuanzia majani ya chini hadi kileleni, na kama ni safi anaufunga kitambaa chekundu. Auruke mti mgonjwa uliosimama jirani, na kamera iukaribie huo pia, maana jicho hujifunza ugonjwa kwa kuona jani baya kando ya jani zuri. Jua la saa sita linafuta manjano yote kwenye picha. Piga asubuhi, au mtu ashike mwavuli juu ya jani.

Mvua zikirudi, Oktoba au Novemba, timu inarudi kwenye vitambaa vilevile. Sasa mkulima anakata mashina ya miti aliyoifunga tu, anaacha ncha laini ya juu na kisiki kigumu cha chini, na anachukua sehemu ya katikati. Kila pingili iwe na urefu wa shibiri moja na macho matano hadi saba. Usiseme "sentimita 25" kwa mtu asiyebeba rula shambani, mwonyeshe kiganja kilichotandazwa juu ya shina. Anapanda kwa nafasi ya mita moja kila upande, pingili ikiwa imelala kidogo na sehemu kubwa ikiwa ardhini.

Picha iliyo bora kuliko zote inapatikana takriban mwezi mmoja baadaye, na watengenezaji wengi hawarudi kuipiga. Weka kamera usawa wa udongo, uipandishe polepole kwenye mmea mmoja bila kukata picha. Kama majani ya kwanza kabisa, yale ya chini, tayari yana mabaka, ugonjwa ulikuja na pingili. Kama ya chini ni safi na mabaka yako kwa majani mapya ya juu tu, nzi weupe ndio walioleta. Mkulima akishaona hivyo hahitaji kuambiwa kwa nini anang'oa mche mgonjwa mapema. Tena video iseme wazi mpaka wa njia hii ya vitambaa: shamba ambalo kila mti una mabaka halina cha kufunga kitambaa, na mwenye shamba atafute mashina kwingine.

Sauti ni kazi ya pekee. Dilolo kuna anayesikia Kiswahili vizuri, na kuna mzee ambaye maneno ya shamba yanamwingia kwa Kichokwe au Kilunda. Usimwachie mkulima aeleze kila kitu huku akikata. Piga mikono ikifanya kazi, ukiacha kila picha ikae sekunde kumi, halafu msimulizi aweke maneno baadaye kwa sentensi fupi. Picha zisizobanwa na maneno ya lugha moja zinapokea nyingine bila kurudia kupiga. Shirika la Access Agriculture, linalokusanya video za wakulima, linafuata njia hiyo: filamu moja inapata sauti za lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo.

Kabla ya kusambaza video kwa kadi za simu, iwekwe mbele ya akina mama wa kijiji kingine. Kuwauliza kama wameelewa hakusaidii, watasema ndiyo kwa heshima. Wapewe rundo la mashina na kisu. Wakianza kukata kutoka ncha laini, sehemu ya kurudia imejulikana.