Sarufi ya Haki: Jinsi ya Kuandika Maoni Katika Tathmini ya Kazi

1. Utangulizi

Makala haya yanadhamiria kuchunguza aina moja ya maandishi ambayo wanaisimu hawajayatazama sana, nayo ni maoni ambayo msimamizi huyaandika katika fomu ya tathmini ya kazi kumhusu mtu aliye chini yake. Mara nyingi maoni hayo hayazidi sentensi mbili au tatu. Hata hivyo, huhifadhiwa katika jalada la mfanyakazi kwa miaka mingi, na husomwa na watu wasiomjua wakati wa kumpandisha cheo, kumhamisha au kumwachisha kazi.

Nchini Kenya jambo hili lina uzito wa kisheria. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri anayekusudia kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya utendaji hafifu amweleze kwanza sababu hiyo, katika lugha ambayo mfanyakazi anaielewa, na amsikilize kabla ya kuamua. Basi maoni yasiyoweza kuelezwa wala kujibiwa hayamfai mwajiri wala mwajiriwa. Hoja yetu ni kwamba, katika Kiswahili, haki au dhuluma ya maoni hayo hutokana kwa sehemu kubwa na uteuzi wa maumbo ya sarufi, na si upole au ukali wa mwandishi peke yake.

2. Jina na kitenzi

Na tuichukue sentensi hii, iliyotungwa kwa ajili ya mfano, kumhusu karani wa masijala:

“Karani huyu ni mzembe, anapuuza kazi, na huchelewesha barua.”

Sehemu ya kwanza ina jina la ngeli ya watu, “mzembe”, lililounganishwa na mtu kwa “ni”. Kiungo hiki hakina kiambishi cha wakati. Hakisemi kwamba alikuwa mzembe mwezi fulani au katika kazi fulani. Kinamtia mtu katika kundi la wazembe na kumwacha humo. Mtu aliyeitwa mzembe hana la kujibu ila kusema, “Mimi si mzembe,” na hapo pande mbili hubaki zikibishana bila ushahidi.

Sehemu ya tatu ina kitenzi, lakini kitenzi chenyewe kimebeba “hu-”. Kama tujuavyo, kiambishi hiki hakiandamani na kiambishi cha nafsi wala cha wakati, na maana yake ni mazoea. Msimamizi aliyeona barua tatu zikichelewa akaandika “huchelewesha” amegeuza matukio matatu kuwa desturi. Hali ni hiyo hiyo kwa kanushi ya wakati uliopo: “hafiki mapema” yadai mengi kuliko “hakufika mapema siku 4 kati ya siku 22 za kazi”. Umbo la “-li-”, pamoja na kanushi yake ya “-ku-”, humlazimisha mwandishi kujiuliza: lini, na mara ngapi? Haimaanishi kwamba “hu-” ipigwe marufuku. Yafaa pale ambapo mazoea yenyewe yamethibitishwa kwa kumbukumbu za miezi kadhaa, nazo zikatajwa.

3. Vitenzi vinavyohukumu moyo

Sehemu ya pili, “anapuuza kazi”, ina kosa la namna nyingine. Vitenzi kama “kupuuza”, “kudharau” na “kukaidi” vinaeleza tendo na nia kwa pamoja. Msimamizi aliona kwamba barua haikujibiwa. Hakuuona moyo wa karani. “Hakujibu” ni jambo linaloweza kushuhudiwa, ilhali “alipuuza” ni hukumu. Mfanyakazi aliyekuwa mgonjwa, na yule ambaye hakuipata barua yenyewe, wote wawili “hawakujibu”, wala hapana aliyepuuza.

Yatupasa pia kuihadhari kauli ya kutendwa. “Inasemwa kwamba anawajibu wananchi vibaya” humficha msemaji, na mshtakiwa hawezi kumhoji mtu asiyetajwa. Kwa upande mwingine, “karani hakupewa rejista mpya” humficha yule aliyepaswa kuitoa, naye pengine ndiye msimamizi mwenyewe.

4. Upole usio na maana

Baadhi ya wasimamizi, kwa kuuogopa ukali, hukimbilia maneno kama “anajitahidi” au “anaweza kufanya vizuri zaidi”. Maneno haya yana sura ya adabu, lakini hayamfundishi mtu lolote. Isitoshe, “anajitahidi” likisimama peke yake husomwa na wengi kama masikitiko: ajitahidi, lakini hafiki. Kipimo chake ni chepesi. Liondolewe jina la mfanyakazi, liwekwe la mwenzake. Ikiwa sentensi bado yafaa, basi haikusema neno kumhusu yeyote. Sifa nazo zapimwa vivyo hivyo, kwani “ni mchapakazi hodari” haimsaidii mtu anayeomba cheo kama hakuna kazi iliyotajwa.

5. Mfano uliosahihishwa

Tuseme kwamba msimamizi wetu amerudi kwenye rejista ya barua kabla ya kuandika, naye akaandika hivi:

“Katika mwezi wa Mei masijala ilipokea barua 60. Tulikuwa tumekubaliana kwamba kila barua imfikie mhusika katika muda wa siku 2. Barua 48 zilifika kwa muda huo, na 12 zilichelewa. Kati ya hizo 12, barua 9 zilipokelewa katika majuma mawili ambapo karani alikuwa peke yake, mwenzake akiwa likizoni. Barua 3 zilizobaki zilichelewa bila sababu kuandikwa katika rejista. Mojawapo ilikuwa mwaliko wa mkutano, na mhusika aliupata baada ya mkutano kupita. Kuanzia Juni, karani ataandika sababu ya kila ucheleweshaji, nami nitatafuta msaidizi wakati wa likizo.”

Maoni haya hayakumbembeleza karani. Mwaliko uliopotea thamani umetajwa waziwazi, na huenda ukamwuma kuliko neno “mzembe”. Lakini kila sentensi yaweza kupingwa kwa ushahidi: karani aweza kuifungua rejista na kuonyesha kwamba barua zilizochelewa ni 10. Kiwango kilichokubaliwa kimetajwa kabla ya upungufu, kwa kuwa pasipo kiwango hapana upungufu. Sababu isiyokuwa ya karani imetengwa na iliyo yake. Mwisho, nafsi ya kwanza, “nitatafuta”, imemrejesha msimamizi katika maelezo.

6. Mipaka

Si kila kazi yahesabika kama barua. Namna mtu anavyozungumza na wananchi haimo katika rejista. Hapo itafaa kuandika tukio lenyewe: tarehe, maneno yaliyotamkwa kadiri yalivyosikika, na jina la aliyeyasikia. Tukio moja lielezwe kuwa ni moja. Tena hesabu zaweza kudhulumu zikiteuliwa kwa hila. Msimamizi anayeuchagua mwezi mbaya kuliko yote na kuinyamazia miezi mingine kumi na mmoja amesema kweli kwa sarufi ya uongo.

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika fomu ya tathmini, haki hiyo huanza kwa kiambishi cha wakati.