Champlin: Mpangaji anapodai hesabu ya maandishi kwa wakala

Wasomaji wetu wa Minnesota, hasa walioko Brooklyn Park, Brooklyn Center na ng'ambo ya Mto Mississippi kule Anoka, wanaijua Champlin. Ni mji mdogo wa kaunti ya Hennepin, kaskazini ya Minneapolis, na Waafrika Mashariki kadhaa wamehamia huko kutafuta utulivu. Mwenye nyumba huwa haonekani. Kodi inapokelewa na wakala, na fundi analetwa na wakala. Siku mpangaji anapotaka kujua ni kiasi gani kimepokelewa na kimekwenda wapi, hujibiwa kwa mdomo tu: "Unadaiwa."

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wetu waliusema msemo huu kwa mwenye mali, lakini hapa anayepotelewa ni mpangaji.

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa na wengi. Wakala ni mtumishi wa mwenye nyumba. Hesabu kamili ya mapato na matumizi ya jengo, yaani kodi za wapangaji wote, malipo ya mafundi, bima na ujira wa wakala mwenyewe, anapelekewa mwenye nyumba, na mpangaji hana haki ya kudai aonyeshwe yote hayo. Anachoweza kudai ni hesabu yake yeye: kila senti aliyolipa, tarehe yake, imeandikwa kuwa ni malipo ya nini, na kila gharama aliyobebeshwa na sababu yake. Barua inayoomba "hesabu zote za jengo" hutupwa kapuni. Barua inayoomba hesabu ya chumba kimoja, tangu tarehe fulani hadi fulani, ni vigumu kuikwepa.

Kwa nini aiombe? Tutoe mfano, kwani mchezo wenyewe hauonekani mpaka uandikwe.

Tuseme mama mmoja anapanga Champlin kwa dola 1,400 kwa mwezi. Mkataba unasema kodi ilipwe tarehe 1, na anayechelewa atozwe faini ya asilimia 8. Sheria ya Minnesota inakubali faini hiyo ikiwa imeandikwa kwenye mkataba, na inakataza kuzidi asilimia 8 ya kodi iliyochelewa. Mwezi wa Oktoba akalipa tarehe 9. Kesho yake akaandikiwa faini ya dola 112. Mpaka hapo hana la kulalamika.

Novemba analipa 1,400 tarehe 1, tena kamili. Lakini kompyuta ya wakala inachukua kwanza 112 za faini ya zamani, na kinachobaki, 1,288, ndicho kinachoandikwa kuwa kodi ya Novemba. Kwa hiyo kodi "imepungua" kwa 112, na faini nyingine ya 112 inaongezwa. Desemba ni hivyo hivyo, Januari na Februari pia. Mwisho wa Februari mama huyu amelipa kodi zote, ametia faulo mara moja tu, na leja inasema anadaiwa dola 560.

Tazameni hesabu hiyo vizuri. Kwa kusoma kwetu, hata kama pungufu lile la Novemba lingekuwa la kweli, asilimia 8 ya 112 haifiki dola 9. Faini ya 112 ni ya kodi nzima iliyochelewa, na kodi nzima haikuchelewa. Haya hayagunduliki kwa kuangalia deni la mwisho. Yanagundulika kwa kuona mistari yote, mmoja mmoja, tangu ule wa Oktoba. Ndiyo maana ya kudai maandishi.

Kuna karatasi nyingine inayofichua siri hii, na wengi wetu huitumia kwa ajili ya kodi ya serikali tu. Kila mwaka, ifikapo tarehe 31 Januari, mwenye nyumba au wakala wake anatakiwa kumpa mpangaji Cheti cha Kodi Iliyolipwa, kinachojulikana kwa herufi CRP. Mama yetu, kwa miezi 12, amelipa 16,800. Kama wakala ameyageuza malipo yake kuwa faini mara mbili kabla ya mwaka kwisha, cheti kitaandika 16,576. Tofauti ya 224 ndiyo faini mbili zilizomezwa. Asiyepewa cheti mpaka tarehe 1 Machi anaweza kuiomba Idara ya Mapato ya jimbo imtolee hati badala yake.

Wanaolipa taslimu wana kinga yao. Sheria inamtaka mpokeaji atoe risiti papo hapo ikiwa fedha zimekabidhiwa mkononi, au ndani ya siku 3 za kazi ikiwa hazikukabidhiwa hivyo. Wanaolipa kwa hawala ya posta watunze kipande chake. Hicho kinaonyesha kilicholipwa, hata kama hakionyeshi wakala alikifanyia nini.

Barua yenyewe iwe fupi: jina, nambari ya nyumba, kipindi, na ombi la orodha ya malipo yote, faini zote na gharama zote, pamoja na ankara ya fundi au ya maji pale anapodaiwa kwa mgawo. Nakala apelekewe mwenye nyumba. Mpangaji anatakiwa kuwa amepewa kwa maandishi jina na anwani ya anayesimamia nyumba, na ya mwenye nyumba au mtu wa kupokea barua za mahakama kwa niaba yake.

Wakala akinyamaza na badala yake akatishia mahakama, ndipo sheria inapokuwa na meno. Tangu mwaka 2024, kabla ya kufungua kesi ya kumtoa mpangaji kwa deni, ni lazima itolewe notisi ya siku 14. Notisi hiyo lazima itaje jumla ya deni na ichanganue: kodi kiasi gani, faini kiasi gani, gharama nyingine kiasi gani. Deni la mama yetu likiandikwa kwa jumla tu, bila mchanganuo, hiyo ni hoja ya kumwomba hakimu aifute kesi. Likichanganuliwa, basi amepata hesabu aliyonyimwa. Asizipoteze siku hizo 14. HOME Line, shirika la ushauri kwa wapangaji wa Minnesota, hupokea simu za namna hii bure. Kesi za Champlin husikilizwa katika mahakama ya nyumba ya Hennepin, mjini Minneapolis, na hukumu ya mwisho ikitolewa dhidi yako, wenye nyumba wengine wanaweza kuiona kesi hiyo wanapochunguza maombi yako.

Na wasidhani walioko nyumbani kwamba haya ni mambo ya Wamarekani tu. Sheria ya Kenya ya upangaji wa maduka, hoteli na migahawa, ya mwaka 1965, inamtaka mwenye nyumba aweke kitabu cha kodi, ampe mpangaji nakala, na kiandikwe humo malipo yote ya kodi pamoja na matengenezo yote yaliyofanywa. Ukipita madukani Mombasa uulize vitabu hivyo viko wapi, utachekwa.

Hesabu ya mwisho ni ya amana. Mama huyu akihama na kuacha anwani yake mpya, wakala ana wiki 3 za kurudisha dola zake 1,400 pamoja na riba ya asilimia 1 kwa mwaka, yaani dola 14 kwa kila mwaka aliokaa, au kueleza kwa maandishi kila alichokata na sababu yake. Akitaka kukata zile 560, itabidi aziandike.