Duka lako la dawa litajwe kabla ya kutia saini

Penye hospitali hapakosi duka la dawa, na Makandana mjini Tukuyu, ilipo Hospitali ya Wilaya ya Rungwe, si tofauti na kwingine. Wenye maduka hayo mara nyingi ni watu wa fani: wauguzi, wateknolojia wa dawa, matabibu waliostaafu. Hilo halina ubaya. Mtu aliyesomea dawa ulitaka afungue duka la nini, la mbolea?

Ugumu huanza mwenye duka anapoomba kazi. Tuchukue mfano wa mteknolojia wa dawa mwenye duka la dawa muhimu hapo Tukuyu, lililosajiliwa Baraza la Famasi na kukatiwa leseni ya halmashauri. Ameomba kazi ya kusimamia stoo ya dawa katika hospitali binafsi wilayani. Usaili umeenda vizuri, ameambiwa arudi wiki ijayo kusaini mkataba. Hakuna aliyemuuliza kuhusu duka, naye hakulitaja, maana jamaa zake wamemwambia akilitaja tu kazi imeota mbawa.

Hofu hiyo ina historia. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU au wa Serikali kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au kumiliki nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilipokutana Zanzibar. Lakini tabia ya kuficha mradi, au kuuandika kwa jina la mke au shemeji, imebaki hata kwa watu wasiokuwa viongozi wala watumishi wa umma.

Tuangalie mgongano wa maslahi wenyewe unazaliwa wapi, kwa sababu wengi wanadhani ni lazima pawepo wizi. Msimamizi wa stoo ndiye anayejaza leja, ndiye anayejua Jumatatu kwamba amoksilini ya maji itaisha Alhamisi. Yeye ndiye anayependekeza kiasi cha kuagiza. Dawa ikiisha, mgonjwa anaandikiwa karatasi akanunue nje. Sasa fikiria kwamba huko nje, duka lenye amoksilini ya kutosha wiki hiyo ni la msimamizi huyo huyo. Huenda hajaiba hata kidonge kimoja. Huenda oda ilichelewa kweli. Lakini kila oda yake ikichelewa, yeye anapata faida, na hakuna mkaguzi anayeweza kupasua kifua chake aone nia yake ilikuwa nini.

Mkaguzi anachoweza kufanya ni kulinganisha tarehe. Atatoa kwenye leja siku ambazo dawa ilisoma sifuri, aangalie oda ilitumwa lini, kisha aulize wagonjwa walielekezwa wapi. Wakisema mara kwa mara kwamba walielekezwa duka moja, hatua inayofuata ni kujua mwenye duka ni nani, na hilo si siri. Jina lipo kwenye leseni ya biashara, lipo Baraza la Famasi, na kama jina la biashara limesajiliwa, lipo BRELA pia. Jina la mke halisaidii kitu, kwa sababu maslahi ya mwenza wako ni maslahi yako.

Ndiyo maana nashauri duka litajwe mapema, na mapema ina wakati wake. Si kwenye barua ya maombi, ambako hujui hata kama watakuita. Mahali pake ni kati ya siku unayoambiwa umepata na siku unayosaini. Hapo wameshakuona unafaa, na wewe hujafungwa na lolote. Lolote mtakalokubaliana linaweza kuingia kwenye mkataba wenyewe.

Tena liwe la maandishi. Mganga mfawidhi uliyemweleza kwa mdomo atahama, atastaafu au atasahau, lakini jalada litabaki. Barua haihitaji kurasa. Ya mteknolojia wetu ingesomeka hivi:

"YAH: TAARIFA YA BIASHARA NINAYOIMILIKI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kabla ya kusaini mkataba, naomba kukujulisha kuwa namiliki duka la dawa muhimu lililopo Tukuyu. Duka linaendeshwa na mtoa dawa niliyemwajiri, nami sitakuwepo dukani saa za kazi. Halijawahi kuiuzia hospitali yako dawa wala vifaa, na halitauza nikiwa mwajiriwa wako. Napendekeza oda za stoo zipitiwe na mtumishi mwingine kabla ya kutumwa, nami sitamwelekeza mgonjwa dukani kwangu. Naomba maelekezo yako kwa maandishi."

Sentensi yenye uzito humo ni ile ya oda kupitiwa na mtu mwingine. Wengi hutaja duka wakaishia hapo, wakimwachia mwajiri mzigo wa kufikiria afanye nini, na mwajiri asiyejua la kufanya hukataa. Ukimpa na njia ya kulidhibiti jambo, unamrahisishia kukubali. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo.

Kisheria, tofauti ya kusema na kunyamaza huonekana mambo yakiharibika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki anapomwachisha mtu kazi, lakini kinga hiyo haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6. Kwa aliyevuka hapo, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinahesabu udanganyifu mkubwa kuwa miongoni mwa makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu kazi. Aliyenyamaza bila kuulizwa bado ana pa kujitetea mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyejaza fomu yenye swali "Je, una biashara nyingine?" akaandika "Hapana", amejifunga mwenyewe. Kosa lake si duka tena, ni ule uongo, na ushahidi ni mwandiko wake.

Anayeajiriwa serikalini yuko kwenye mazingira tofauti kidogo. Hakai mezani na mganga mfawidhi kujadili masharti, anaomba kwa mfumo na kupangiwa kituo. Kwake barua iende kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri siku ya kuripoti. Akipangiwa kazi inayogusa ununuzi, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 nayo inamhusu. Hospitali za Serikali hununua dawa kwanza Bohari ya Dawa, na zinazokosekana huko hutafutwa kwa mshitiri. Duka lake au la mwenza wake lisionekane popote kwenye mlolongo huo.

Kutaja hakuponyi kila kitu. Kama duka tayari linaiuzia hospitali hiyo dawa, barua hata iwe nzuri kiasi gani haiwezi kuhalalisha mtu mmoja kuwa muuzaji na mwagizaji. Achague duka au stoo, au aombe kupangiwa dirisha la kutolea dawa, asiguse oda. Na biashara ikibadilika, kwa mfano akafungua tawi au akaanza kuuza vifaa vya maabara, barua ya zamani haiifuniki ile mpya.

Yupo pia mwajiri anayepokea barua akakaa kimya, na wengi huuchukua ukimya huo kama ruhusa. Zikipita wiki mbili andika ya pili, utaje tarehe ya ile ya kwanza, useme kwamba unaendelea kwa masharti uliyopendekeza mpaka utakapoelekezwa vinginevyo. Hiyo nayo igongwe muhuri.