Namba D ya Yadi, Namba D ya Mwenyewe

Dar es Salaam, umri wa gari hutajwa kwa herufi. Muuzaji akisema "hii ni namba D," mnunuzi anaelewa mara moja. Lakini herufi hiyo inaeleza gari lilisajiliwa lini Tanzania, haielezi lilitengenezwa lini. Toyota IST ya mwaka 2004 inaweza kuwa ilitembea Japani kwa miaka kadhaa kabla ya kupanda meli.

Tuchukue mfano wa IST mbili za aina hiyo, zote namba D. Moja ipo yadi, bei yake milioni 13.5. Nyingine anaiuza mwenyewe nyumbani kwake kwa milioni 11.5. Swali la mnunuzi ni kama hizo milioni mbili za yadi zinanunua kitu chochote.

Wengi hujibu kwamba zinanunua garantii. Kisheria jibu hilo lina msingi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara wa bidhaa za aina fulani auze kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa, wajibu ambao mtu anayeuza gari lake mwenyewe hana. Ila sheria hiyo hiyo inaruhusu pande mbili kukubaliana vinginevyo, na kasoro ambayo mnunuzi alipaswa kuiona alipokagua haimfungi muuzaji. Ndiyo maana maneno ya "injini na gia boksi tunakuhakikishia miezi mitatu" hayana uzito mpaka yaandikwe kwenye mkataba, yakitaja kifaa, muda na nani atalipa fundi.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi hawaliulizi. Gari lililokwisha kutumika nchini, likionekana yadi, mara nyingi si mali ya yadi. Mwenyewe ameliegesha pale liuzwe kwa kamisheni. Hapo mnunuzi analipa bei ya yadi huku kwenye karatasi akinunua kwa mtu binafsi. Kulitambua si kazi: aombe kadi ya gari asome jina, kisha aulize risiti ya EFD itatolewa na nani. Yadi ikisita kutoa risiti kwa bei yote, basi hapo ni dalali mwenye uwanja.

Kwa mwenyewe, faida kubwa ni historia. Aliyelitumia gari miaka minne anajua lini alibadilisha bushi na fundi wake ni nani, na fundi huyo anaweza kupigiwa simu. Mnunuzi afike asubuhi, aguse boneti. Ikiwa ya moto, injini imeshawashwa kabla yake, na moshi wa bluu wa mwasho wa kwanza, dalili ya injini inayokula oili, huenda umeshapita.

Boneti ikiwa wazi, apanguse kwa kitambaa ukuta wa bati ulio nyuma ya injini. Hapo ndipo chesisi namba ya IST imegongwa, ikianza na NCP60, NCP61 au NCP65. Tarakimu ziwe na nafasi sawa na kina sawa. Rangi mpya iliyopakwa kwenye kipande hicho tu, au alama ya kuchomelea pembeni, inatosha kusimamisha mazungumzo. Kisha namba hiyo ilinganishwe na kadi, tarakimu kwa tarakimu.

Kadi ndiyo inayoumiza watu wengi. Gari linapita mikono mitatu, kila mmoja akikabidhiwa kadi na hati ya mauziano tu, bila kubadilisha jina, ili kukwepa gharama. Wa nne anapotaka kuhamisha umiliki TRA, mwenye jina hapatikani au amefariki. Kama amefariki, mwenye haki ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto aliyebaki na funguo hana haki hiyo. Kadi "iliyopotea" nayo inahitaji kuulizwa kwa makini, kwa sababu anayekopesha kwa dhamana ya gari hushikilia kadi halisi.

Gharama inayokwepwa wala si kubwa. Kwa IST ya milioni 11.5, ushuru wa stempu wa asilimia 1 ni shilingi 115,000. Ada ya kuhamisha umiliki ni 50,000 na kadi mpya 10,000. Jumla ni 175,000. Kati ya milioni mbili za tofauti, zinabaki 1,825,000 za kumlipa fundi wa kukagua, wakili wa kushuhudia hati, na matengenezo ya kwanza.

Hesabu hiyo inasimama endapo anayeuza ndiye mwenye jina kwenye kadi, kitambulisho chake kinalingana, na fedha zinaingia kwenye akaunti yenye jina hilo hilo. Akitajwa "bosi aliyesafiri", au dalali akidai kianzio kabla gari halijaonekana, bora mnunuzi arudi yadi, na huko pia aanze kwa kuomba kadi.