Kitabu kwa Mali Kauli

Barua pepe ya kwanza ya yule mwalimu niliisoma nimesimama, huku namhesabia mteja kaunta buku. Ilikuwa wiki ya pili ya Januari, shule zimefunguliwa, na wiki hiyo duka letu la vitabu pale Tanga lilikuwa kama stendi ya mabasi. Wazazi wameshika orodha, watoto wanavuta nguo za mama zao, na aliye mwisho wa foleni anauliza kwa sauti kama vitabu vya darasa la tatu vimekwisha. Barua yenyewe ilikuwa ndefu. Ilieleza utotoni mwake alivyojifunza kupika kwa bibi yake, miaka aliyofundisha, jinsi wazo la kuandika lilivyomjia. Mstari wa mwisho ulisema: naomba mnisaidie kuuza kitabu changu.

Bei hakutaja. Idadi ya nakala hakutaja. Kurasa ngapi, kimejalidiwa vipi, alitaka tununue au tumuuzie tu, yote hayo hayakuwamo. Nikajiambia nitamjibu mambo yakitulia, na sikumjibu. Sijivunii hilo, lakini ndivyo ilivyo kwa maduka mengi ya vitabu nchini: yanaishi kwa vitabu vya shule na daftari, na Januari ndiyo mavuno. Barua ya mwandishi ikiingia wakati huo inazama.

Mwezi Machi akaandika tena. Safari hii nadhani alikuwa amekaa na mtu anayejua biashara, au alikuja dukani akatutazama bila kujitambulisha. Kichwa cha barua kilisema: "Kitabu cha mapishi ya pwani, nakala 10 kwa mali kauli." Chini yake aliandika hivi:

"Ndugu Meneja,

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi hapa Tanga. Nimechapisha kwa gharama zangu kitabu cha mapishi ya pwani, kurasa 96, jalada laini, kimebanwa kwa gundi na kina mgongo wenye jina. Kina ISBN na msimbo wa mistari nyuma. Bei ya rejareja ni shilingi 15,000, na mimi mwenyewe nikiuza mkononi nauza bei hiyohiyo.

Naomba mniwekee nakala 10 kwa mali kauli kwa miezi mitatu. Kila nakala ikiuzwa, duka lichukue asilimia 40, yaani shilingi 6,000, nami nipate 9,000. Hesabu tufunge kila mwisho wa mwezi. Vitabu vitabaki mali yangu hadi viuzwe, na visipouzwa nitakuja kuvichukua mwenyewe. Kitakachopotea au kuharibika kikiwa dukani kihesabiwe kimeuzwa.

Rafu yenu ya mapishi ina vitabu vinne, vyote vya nje, na hakuna hata kimoja chenye boko boko wala samaki wa kupaka. Nimeambatisha picha ya jalada na kurasa mbili za ndani. Naweza kupita Jumanne au Alhamisi asubuhi."

Nilimjibu kabla ya adhuhuri.

Neno lililonivuta ni mali kauli. Kila mfanyabiashara analijua: unachukua mzigo kwa neno lako, unauza, ndipo unapeleka fedha. Ila katika vitabu lina tofauti kidogo na lile la Kariakoo. Kule mara nyingi mali kauli ni deni tu. Umechukua doti ishirini za kanga, tajiri anangoja fedha za doti ishirini, na kwamba wateja hawakuja ni msiba wako. Kwenye vitabu, kisichouzwa kinarudi kwa mwenyewe. Duka halitoi senti mapema, nalo halibaki na marobota ya vitabu visivyotakiwa. Hasara ya kitabu kulala iko kwa mwandishi, na ndiyo sababu duka dogo linaweza kumkubali mtu lisilomjua.

Kwa hiyo mwenye duka anaposoma barua kama hii hajiulizi kwanza kama kitabu ni kizuri. Anachotaka kujua ni kitamla nafasi gani, kitamsumbua kiasi gani, na kikikwama nani atakiondoa. Mwalimu alijibu yote matatu bila kuulizwa. Hata ule mgongo wenye jina haukuwa wa kujisifu. Kitabu kilichopigwa pini katikati hakina mgongo, na kikisimamishwa kwenye rafu kinapotea kama jani kati ya majani. Lazima kilazwe uso juu, na kulala hivyo kunakula nafasi ya vitabu vitano. Namba ya ISBN nayo, ambayo hapa Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, huliwezesha duka kukiingiza kwenye orodha yake na kukitafuta mteja anapokiuliza. Nyingi za vitabu vya Tanzania huanza na 978 9976 au 978 9987.

Asilimia 40 huwakera waandishi. Mwalimu mwenyewe, alipokuja Alhamisi na tukamaliza shikamoo na habari za nyumbani, alilitoa la moyoni: "Mwanangu, mimi nimekesha miaka miwili, wewe unachukua elfu sita kwa kukiweka tu hapo?" Nikamwonyesha kodi ya pango, umeme, mshahara wa keshia, na vitabu ambavyo hukaa mwaka mzima havijaguswa. Kawaida maduka huomba kati ya asilimia 30 na 40, na aliyeomba 40 si lazima awe mwizi. Tatizo la waandishi wengi ni kwamba hesabu hii wanaifanya baada ya kuchapisha, wakati bei imeshapigwa kwenye jalada.

Yeye aliifanya mapema. Alichapisha nakala 300 kwa shilingi 7,000 kila moja, yaani shilingi 2,100,000. Kwa bei ya 15,000, duka likikata 40, anabaki na 9,000. Akitoa gharama ya kuchapisha, faida ni 2,000. Angepanga bei ya 12,000, kama shemeji yake alivyomshauri ili kiende haraka, fungu lake lingekuwa 7,200. Faida ingekuwa shilingi 200, na bodaboda moja ya kuleta vitabu ingeimaliza. Na ile ahadi kwamba mwenyewe hatauza chini ya 15,000 ilikuwa na uzito kwetu. Mteja akikiona dukani, akapiga simu kwa mwandishi na kukipata kwa 10,000, duka limegeuka kuwa mahali pa kupapasia tu.

Kuna mstari mmoja ambao wengi huuruka: "vitabu vitabaki mali yangu hadi viuzwe." Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, ina kanuni kuhusu bidhaa iliyopokelewa kwa sharti la kuuza au kurudisha. Kwa maneno mepesi, kama hamkukubaliana vinginevyo, aliyepokea akikaa nayo kupita muda mliopanga bila kutoa taarifa kwamba anairudisha, inahesabiwa ameinunua. Utafikiri hiyo ni neema kwa mwandishi. Duka likiwa na afya, labda. Lakini likifilisika, mwandishi hana vitabu tena, ana deni, naye atapanga foleni na wadai wengine. Akiwa na karatasi inayosema vitabu ni vyake, anaweza kuvidai vyenyewe. Nimewahi kuona duka limefungwa kufuli na mwenye jengo kwa sababu ya kodi, na waandishi wawili nje wakieleza kwamba mle ndani mna mali yao. Mmoja alikuwa na hati ya makabidhiano. Mwingine alikuwa na mazoea na mwenye duka.

Hati yetu ilikuwa nusu ukurasa. Jina la kitabu, nakala 10, bei, mgawanyo, tarehe ya kupokea, tarehe ya kumaliza, na yale masharti ya barua yakanakiliwa neno kwa neno. Tuliandika nakala mbili, tukatia saini na muhuri, kila mmoja akabaki na yake. Barua pepe pekee ingetosha kuanza mazungumzo, lakini haionyeshi kwamba vitabu vilifika, vingapi, na vikiwa katika hali gani.

Hali ndiyo iliyotusumbua kwanza. Tuliviweka kwenye meza ya mlangoni, pahali pazuri, na masika yakaingia. Siku ya nne majalada yalikuwa yamefunguka yenyewe, kila kitabu kimeachama kama chaza. Jalada limepakwa plastiki upande wa nje tu. Karatasi ya upande wa ndani inakunywa unyevu wa hewa na kutanuka, plastiki haitanuki, basi jalada linajikunja kuelekea nje. Tukavilaza ndani mbali na mlango, kimoja mgongo kushoto, kingine kulia, tukavikandamiza kwa kamusi tatu kubwa. Baada ya siku mbili vilitulia. Mwandishi anayechapisha pwani afadhali amwulize mchapaji habari ya plastiki hiyo kabla ya kazi kuanza, na akipita dukani avitazame vitabu vyake kwa macho.

Aprili viliuzwa vitatu, tukampa 27,000. Mei viwili, 18,000. Mwisho wa Juni alikuja kufunga hesabu, na hapo ndipo tulipokwama. Daftari la keshia lilionyesha kimoja kimeuzwa mwezi huo. Mwalimu hakulitazama daftari, alikwenda rafuni akahesabu: vitatu. Kumi kutoa vitatu ni saba, na alikuwa amelipwa vitano.

"Basi ni viwili," akasema.

Bosi wangu akaanza kusema kwamba vya kuibiwa si vya kuuzwa. Nikafungua hati, nikamsomea ule mstari wa kitakachopotea. Akanyamaza, akamtumia 18,000 kwa simu.

Jumla ya miezi mitatu ilikuwa 63,000. Mwalimu aliitoa gharama ya kuchapisha nakala saba, 49,000, na bodaboda 3,000, akabaki na 11,000. Kisha akapiga hesabu nyingine papo hapo kaunta, nyuma ya bahasha. Kwa mwendo wa nakala saba kila miezi mitatu, nakala 300 zingemchukua zaidi ya miaka kumi katika duka moja. Akifungua maduka kumi, mambo yanakuwa mepesi, lakini nakala 100 zitakuwa zimelala kwenye rafu za watu, na hizo ni shilingi 700,000 zake ambazo hawezi kuzigusa. Na kila duka linataka kupitiwa mwisho wa mwezi. Aliamua maduka manne, yote yale ambayo anaweza kuyafikia kwa daladala, na kwetu akaongeza nakala tano kwa miezi mitatu mingine.

Ile nakala iliyopotea ilionekana Julai. Keshia aliirudisha mwenyewe, kimya kimya, ukurasa wa samaki wa kupaka una doa la tui. Ilikuwa imeshalipwa.