Mawe ya Mwanza: kuoza au kumomonyoka?

Swali la mtihani linasema mto umebeba kokoto na mchanga hadi bondeni. Mwanafunzi anaandika kwamba huko ni kuvunjika kwa miamba, na anakosa alama. Mwamba huvunjika au kuoza palepale ulipo. Kinachochukuliwa na maji, upepo au barafu kimemomonyolewa.

Mawe makubwa ya Mwanza, likiwemo Jiwe la Bismarck ziwani Viktoria, yanaonyesha kazi zote mbili. Ni matale. Yalipokuwa bado chini ya udongo, maji yenye asidi hafifu yalipenya kwenye nyufa, yakageuza madini ya feldspa kuwa mfinyanzi. Kwartzi haikuoza, ikabaki chembe za mchanga. Pembe zilishambuliwa pande kadhaa kwa pamoja, ndiyo maana mawe yakawa mviringo. Hadi hapo hakuna kilichosafirishwa. Baadaye maji ya mvua yalizoa ule udongo laini, mawe magumu yakabaki wazi yamepandana. Huo ndio mmomonyoko.

Ukikutana na swali la aina hii, tafuta kwanza kitenzi: kubeba, kuzoa na kusomba ni vya mmomonyoko.